Wastani Usiowezekana: Namna Ninavyokagua Jedwali la Utafiti kwa Kikokotoo

Ninapoombwa kuipitia makala ya utafiti kabla haijachapishwa, huanza na jedwali la matokeo nikiwa na kikokotoo mkononi, na utangulizi nauachia baadaye. Nafanya hivyo kwa sababu idadi ya washiriki, wastani na asilimia vilivyomo katika jedwali moja vimefungamana, na mara nyingi inawezekana kubaini kwamba namba fulani haikutokana na idadi ya watu iliyotajwa hata kama huna takwimu ghafi za mwandishi.

Msingi wa ukaguzi huu ni hesabu ya shule ya msingi. Iwapo watu 28 wamejibu swali moja kwa kuchagua namba kuanzia 1 hadi 5, jumla ya majibu yao lazima iwe namba kamili, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kujibu 3.6. Wastani ni jumla hiyo kugawanya kwa 28, kwa hiyo hupanda kwa hatua za takriban 0.036 na kuziruka namba nyingi zilizo katikati. Kati ya thamani 100 zenye desimali mbili kuanzia 3.00 hadi 3.99, ni 28 tu zinazoweza kupatikana. Nick Brown na James Heathers waliupa ukaguzi huu jina la GRIM mwaka 2016. Walipitia makala 260 za saikolojia, wakapata 71 ambazo namba zake ziliweza kupimwa kwa njia hii, na 36 kati ya hizo zilikuwa na angalau wastani mmoja usiowezekana. Waliomba takwimu ghafi za makala 21, wakapewa za makala 9, na katika zote 9 walithibitisha kwamba kulikuwa na kasoro ya uandishi wa matokeo.

Nitatumia jedwali la mfano nililolitunga kwa kufuata mambo ninayokutana nayo. Kundi la kwanza lina walimu 28 na la pili lina walimu 31. Katika mstari wa swali la kwanza, wastani wa kundi la kwanza umeandikwa 3.47. Nazidisha 3.47 kwa 28, napata 97.16. Namba kamili iliyo karibu zaidi ni 97, na 97 kugawanya kwa 28 ni 3.464, ambayo ikikadiriwa hadi desimali mbili ni 3.46. Nikijaribu 98, napata 3.50. Maana yake ni kwamba hakuna mpangilio wowote wa majibu ya watu 28 unaotoa 3.47.

Wengi hukimbilia kutoa hukumu hapa, ilhali sababu ya kawaida kuliko zote ni kwamba baadhi ya washiriki hawakulijibu swali hilo na mwandishi hakuandika idadi halisi ya waliojibu. Ndiyo maana hatua yangu ya pili ni kushuka mtu mmoja mmoja: 27, 26, 25 na kuendelea, nikirudia hesabu ileile. Katika mfano huu hakuna idadi inayokubali 3.47 mpaka nifike 19, ambapo 66 kugawanya kwa 19 ni 3.474. Sasa nina swali la maana zaidi la kumpelekea mwandishi. Kama sababu ni majibu yaliyokosekana, basi walimu wasiopungua 9 kati ya 28 waliliruka swali hilo, na jambo kubwa kiasi hicho lingepaswa kuelezwa ndani ya makala. Mtu mmoja au wawili wakikosekana naandika dokezo fupi tu. Theluthi ya kundi ikikosekana bila maelezo, nasimama.

Anayetaka kukagua mistari mingi kwa pamoja anaweza kutumia Excel, akiweka idadi ya watu kwenye safu ya A na wastani kwenye safu ya B:

```
=ROUND(ROUND(B2*A2,0)/A2,2)=ROUND(B2,2)
```

Jibu la FALSE linaonyesha namba inayohitaji kuangaliwa kwa jicho. Jihadhari na thamani zinazoangukia katikati kabisa: watu 8 wenye jumla ya 25 wana wastani wa 3.125, na programu moja huandika 3.13 huku nyingine ikiandika 3.12. Zote mbili nazikubali.

Mstari wa pili wa jedwali letu unafurahisha zaidi, kwa sababu kila namba inapita ikipimwa peke yake. Kundi la kwanza lina 3.46, la pili 4.10, na wastani wa wote 59 umeandikwa 3.78. Lakini 3.46 kwa watu 28 inatokana na jumla ya 97 pekee, na 4.10 kwa watu 31 inatokana na 127 pekee. Ukizijumlisha unapata 224, na 224 kugawanya kwa 59 ni 3.80. Hiyo 3.78 ilitoka wapi? Jumlisha 3.46 na 4.10, gawanya kwa mbili: 3.78 kamili. Inaelekea mwandishi alichukua wastani wa wastani mbili kana kwamba makundi yana ukubwa sawa. Kosa hili linarekebishika, lakini huenda limejirudia katika kila mstari wa safu ya jumla, kwa hiyo safu nzima inafaa kukokotolewa upya.

Asilimia hupimwa kwa njia hiyohiyo. Jedwali linasema wanawake ni asilimia 58.7 ya kundi la pili. Kati ya watu 31, wanawake 18 ni asilimia 58.1 na 19 ni asilimia 61.3, asilimia 58.7 haipo, na hata nikishuka chini ya 31 siipati. Narudi kwenye sehemu ya mbinu za utafiti na kukuta kwamba walimu 46 waliandikishwa katika kundi hilo kabla ya wengine kujitoa. Wanawake 27 kati ya 46 ni asilimia 58.7. Yaani sifa za washiriki zilihesabiwa kwa walioanza, na matokeo yakahesabiwa kwa waliomaliza, huku kichwa cha safu kikitaja 31 kwa vyote viwili.

Ukaguzi huu una mipaka, na asiyeijua atawasumbua watu bure. Kwa desimali mbili, idadi ikifika 100 kila wastani unawezekana; kwa asilimia yenye desimali moja mpaka huo ni 1,000. Pia uangalie alama imetokana na maswali mangapi. Ile 3.47 ya watu 28 bado haiwezekani kama ni wastani wa maswali mawili au matatu, lakini yakiwa manne kigawanyo kinakuwa 112, na 389 kugawanya kwa 112 inatoa 3.47 bila tatizo. Uzito na urefu uliopimwa kwa desimali haumo kabisa katika hesabu hii. Vilevile tafiti zinazotumia uzani wa sampuli, kama zile za afya na demografia zinazofanywa Tanzania na Kenya, hutoa asilimia ambazo kwa kawaida hazilingani na hesabu ya vichwa, na hilo si kosa.

Ninapomwandikia mhariri, sitaji neno udanganyifu. Naandika namba ya jedwali, mstari, idadi iliyotajwa, thamani mbili za jirani zinazowezekana, kisha naomba idadi ya waliojibu kila swali pamoja na faili la majibu lisilo na majina. Mwandishi mwenye faili hilo hujibu haraka, mara nyingi akiambatisha jedwali lililosahihishwa. Anayerudisha jedwali lenye 3.46 mahali pa 3.47 bila kueleza chochote, hali majaribio ya kitakwimu yaliyotegemea wastani huo yamebaki vilevile, huyo ninamwomba faili kwa mara ya pili.