Runinga mpya inachelewesha padi: sababu yake, na jinsi Game Mode inavyosaidia

Swali: "Wakuu, nimenunua TV ya inchi 55 nikaiunganisha na PS4. Nikibonyeza pasi, mchezaji anachelewa kuitoa. Kwenye TV yangu ya zamani ya inchi 32 hali haikuwa hivi. Padi ni ile ile, na sichezi mtandaoni. Mbovu ni TV au PS?"

Mkuu, kwa maelezo hayo PS yako ni nzima na runinga pia si mbovu. Runinga inaishikilia picha kwa muda ili kuipamba kabla ya kuionyesha, na wewe unapocheza unajibu picha ambayo PS ilikwishaituma zamani kidogo. Ninafunga na kurekebisha runinga katika vibanda vya gemu hapa Dodoma, na hili ndilo jambo ninaloitiwa mara nyingi baada ya mwenye kibanda kununua runinga kubwa.

PS4 hutuma picha 60 kila sekunde kupitia waya wa HDMI, maana yake kila picha moja inachukua takriban milisekunde 16.7. Ikifika kwenye runinga haiendi moja kwa moja kwenye kioo. Inapita kwanza kwa prosesa, ambayo huikuza ilingane na kioo, huondoa chengachenga, hurekebisha rangi na mwanga wa sehemu mbalimbali, na kwenye runinga nyingi kubwa za sasa hutengeneza pia picha za ziada ili mwendo uonekane laini. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo inayokula muda mwingi kuliko zote, na sababu yake ni rahisi kuielewa: ili runinga ibuni picha ya kukaa kati ya picha ya kwanza na ya pili, ni lazima ile ya pili iwe imeshafika. Kwa hiyo ya kwanza inasubirishwa, na kwa kawaida zinasubirishwa kadhaa ili prosesa ilinganishe vizuri mpira umetoka wapi na unakwenda wapi. Kwenye menyu utaiona kwa majina kama TruMotion, Motionflow au MEMC, kutegemea aina ya runinga.

Ukiangalia filamu au mechi ya ligi huwezi kuyahisi haya, kwa sababu runinga inachelewesha sauti kwa kiasi kile kile na wewe huna kitufe unachobonyeza. Kwenye gemu, kidole chako ndicho kinachofichua ucheleweshaji huo.

Unapochagua Game au Game Mode, runinga inaruka sehemu kubwa ya kazi hizo, hasa ya kubuni picha za ziada na ya kuondoa chengachenga, na inaipeleka picha kwenye kioo karibu kama ilivyofika. Haiongezi kasi ya PS wala ya padi. Runinga nyingi ambazo kwenye Standard au Vivid huchelewa kwa milisekunde 50 hadi zaidi ya 100, zikiwekwa Game hushuka hadi kati ya 10 na 20 kwa picha 60 za sekunde. Kuzima MEMC peke yake ukabaki kwenye Standard kunapunguza tatizo lakini hakulimalizi, maana hatua nyingine za prosesa zinaendelea.

Nikupe mfano wa kibanda kimoja cha Ng'ong'ona, jirani na UDOM. Mwenye kibanda alileta runinga kubwa mpya, lakini wanafunzi wakawa wanapanga foleni kwenye ile ndogo ya zamani na kuiacha kubwa ikiwa tupu. Nilichukua simu inayorekodi mwendo wa polepole kwa picha 240 kwa sekunde, nikaiegemeza ili kidole gumba kwenye padi na kioo cha runinga vionekane pamoja, kisha nikarekodi nikibonyeza kitufe cha kuhamisha alama kwenye menyu ya gemu. Menyu ni bora kuliko mchezaji uwanjani, kwa sababu mchezaji huanza kwa kugeuza mwili kidogo na huwezi kujua kwa uhakika mwendo umeanzia wapi. Halafu nikapitisha video picha moja moja, kuanzia pale kitufe kilipofika chini kabisa hadi alama ilipohama. Kwa kuwa kila picha ya simu ni kama milisekunde 4.2, hesabu ni rahisi: kwenye Standard zilipita takriban picha 36, yaani milisekunde 150, kwenye Game zilipita takriban 18, yaani 75. Runinga ndogo ya zamani ilitoa karibu kiasi hicho hicho cha 18.

Angalia hapo kwa makini. Zile 75 zilizobaki si za runinga peke yake, kwani ndani yake mna muda wa padi, wa PS na wa gemu lenyewe, na Game Mode haiwezi kuzigusa sehemu hizo. Kinachoihusu runinga kwa hakika ni tofauti kati ya vipimo viwili: milisekunde 75, sawa na picha nne na nusu za gemu. Kwa mtu anayesubiri beki anyooshe mguu ndipo apige, tofauti hiyo ni kubwa mno. Rudia kipimo mara kadhaa na uchukue wastani, kwa sababu hutabonyeza kila mara katika sehemu ile ile ya picha. Hakikisha pia kwamba simu inarekodi 240 za kweli, maana baadhi ya simu nazo zinabuni picha za kujazia.

Kwa runinga yako, chukua rimoti ukiwa umefungua PS, ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta Picture Mode, kisha chagua Game. Kwenye baadhi ya runinga swichi yenyewe imewekwa upande wa mipangilio ya jumla au ya vifaa vya nje, kwa hiyo usipoiona kwenye picha, itafute huko. PS4 haina uwezo wa kuiamuru runinga ijibadilishe yenyewe, uwezo unaoitwa ALLM, hivyo lazima uchague kwa mkono. Vilevile, runinga nyingi hukumbuka chaguo hilo kwa kila tundu peke yake: kwenye kibanda hicho hicho mtu alihamisha waya kutoka HDMI 1 kwenda HDMI 2 wakati wa kufuta vumbi, na malalamiko yakarudi jioni ile ile.

Picha itapoa kidogo rangi na ukali wake utapungua, hilo ni la kawaida. Unaweza kuongeza mwanga na rangi ukiwa ndani ya Game bila kurudisha ucheleweshaji mkubwa. Usitegemee pia kwamba Game itaondoa ule ukungu unaouona nyuma ya mpira unaokwenda kasi. Ukungu huo unatokana na kioo chenyewe, jinsi kinavyobadilisha rangi polepole na kuishikilia kila picha hadi nyingine ifike, na ni tatizo jingine kabisa.

Kuna runinga za bei ya chini ambazo neno Game limo kwenye menyu, lakini linabadilisha rangi tu na prosesa inaendelea na kazi zake zote. Macho hayawezi kukuambia hilo. Kipimo cha simu kitakuambia. Ukipata tofauti isiyofika picha nne za simu kati ya Standard na Game, huku hali ya kuchelewa ikiendelea kuwa ile ile, zima MEMC na kipengele chochote cha kupunguza chengachenga kwa mkono, kisha pima tena. Ikibaki hivyo hivyo, rudi dukani na video yako mapema, kabla muda wa kubadilishiwa haujaisha, na safari hii omba uijaribu runinga mbadala kwa PS yako hapo hapo kaunta.