Michoro Niliyokuwa Naificha

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Morogoro aliniandikia akiuliza kama aweke nguo zake zote 30 katika jalada la kazi analotaka kupeleka chuo cha ubunifu wa mavazi. Swali hilo lilinigusa panapouma, kwa kuwa niliwahi kupeleka jalada la picha 24 za nguo zilizokamilika na kunyooshwa vizuri, nikakataliwa. Msaili alifungua ukurasa wa gauni la kanga akauliza, "Hapa ulikwama wapi?" Nilikosa la kusema, ilhali gauni lile lilinikwamisha siku tatu. Michoro yenyewe nilikuwa nimeichora baada ya kushona, naye aliligundua hilo papo hapo, maana ilifanana na nguo mpaka idadi ya vifungo.

Mwaka uliofuata nilipeleka kazi nne tu, nikapokelewa. Niliondoa sare za harusi na kila mshono ambao mteja aliniletea kwenye simu, kwani hapo nilikuwa fundi, si mbunifu. Gauni la kanga lilibaki, nikalitengea kurasa tatu.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mchoro wa daftarini, wenye alama za kufutafuta, wa sketi iliyotanuka chini huku pindo la kanga likiizunguka. Wa pili ulionyesha jaribio la kitambaa cha marekani, ambacho nilikichorea mistari kwa kalamu mahali pa pindo kabla ya kukata. Kasoro ilionekana wazi: sketi ya namna hiyo hukatwa chini kwa mviringo, lakini pindo la kanga limenyooka, hivyo mistari ilikatika ubavuni. Pembeni niliandika sentensi moja kueleza hilo. Ukurasa wa tatu ulibeba suluhisho, yaani kanga mbili za doti zilizoachwa zimenyooka, zenye upana wa takriban sentimita 300 kwa pamoja, zikapunguzwa kwa marinda hadi kiuno cha sentimita 72. Kila rinda lilimeza sentimita 12, kwa hiyo yalihitajika 19, na mapindo ya ubavuni yakafichwa ndani ya marinda. Picha ya gauni lililokamilika ilikuja mwisho, tena ndogo. (Nakiri kwamba bado ninajivunia marinda yale.)

Kwa hiyo, mdogo wangu, chagua zile nguo ambazo unaweza kueleza kwa nini ulibadili mawazo katikati ya kazi. Usiuchore upya mchoro mchafu. Upige picha karibu na dirisha, mchana, bila kufuta vipimo vya pembeni, na uuweke jirani na picha ya jaribio lenyewe. Na kama vipande vyako vya marekani bado vimo kwenye gunia la mabaki, vitoe leo uvipige picha kabla hujavigeuza matambara ya kufutia cherehani.