"Sawa" ya kwenye rekodi siyo makubaliano

Mimi ni afisa utumishi kwenye ghala moja hapa Kigoma, na leo naandika kuhusu muhtasari wa kikao cha malalamiko maana kuna neno moja nusura liharibu kila kitu.

Mtunza stoo alilalamika hajalipwa ovataimu ya Jumamosi tatu, saa nne kila moja, siku zile za kupakua mzigo bandarini. Meneja akasema anazijua mbili tu. Nikawaambia wote narekodi kwa simu, wakaridhia, kikao kikaenda kama saa nzima hivi.

Jioni nikaandika "meneja amekubali Jumamosi ya tatu", kwa sababu dakika ya 41 kasema "sawa". Kesho yake nikarudia kusikiliza kuanzia dakika ya 39, kumbe alisema "sawa, nimekusikia, ila mi sikumtuma mtu". Yaani ile sawa yetu ya kuitikia tu. Siku hizi siandiki makubaliano mpaka nisikie nani atafanya nini na lini, na upande wa pili uitikie jambo lilelile, na pembeni naweka dakika ili mwenye shaka akasikilize mwenyewe.

Maneno nayo yanapendelea bila wewe kujua. Nilikuwa nimeandika mtunza stoo "anadai" halafu meneja "alifafanua", ukisoma tu unaona nani muongo. Nikabadilisha, wote "alisema". Na "alikiri" nikaifuta kabisa, maana mtunza stoo alisema tu siku moja alichelewa kwa mvua, hakuna kosa alilokiri. Kuna mahali jenereta limemeza sauti, dakika ya 27, hapo niliandika "haisikiki", sikubahatisha hata kama nilikuwepo chumbani.

Basi ikabaki hivi. Mtunza stoo alisema Jumamosi tatu, saa 12, na ya tatu aliitwa kwa simu na msimamizi wa zamu. Meneja alisema mbili, saa 8, na ya tatu hakuidhinisha. Walichokubaliana ni saa 8 zilipwe kwenye mshahara wa mwezi ule kwa mara moja na nusu ya kiwango cha saa, kama sheria ya ajira ya 2004 inavyosema. Kilichobaki wazi ni zile saa 4: msimamizi hajahojiwa na daftari la getini halijaonekana, meneja alete daftari ndani ya siku 7.

Hicho kipengele cha wazi usikiache bila tarehe, kwa sababu mgogoro usio wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 60, na mtu anaweza kuzimaliza akisubiri daftari.

Niliwasomea wote wawili kabla ya kusaini. Mtunza stoo akataka niongeze kwamba meneja alimfokea, kwenye rekodi sikuisikia, kwa hiyo sikugusa muhtasari, nikampa nafasi chini aandike maoni yake kwa mkono wake, akaandika, akasaini.