Soma kivuli chako: kutembea usiku kwenye barabara isiyo na njia ya miguu

Nilikuwa natembea kulia, kama ninavyowafundisha watoto darasani kila mwaka, na bado nusura gari linizoe. Ilikuwa saa moja na nusu usiku. Nilikuwa nimeshuka basi kwenye barabara ya Chalinze kwenda Segera, nina kilomita moja na ushee hadi njia panda ya kwetu. Mbele hakukuwa na taa hata moja, nikajiona niko salama. Kumbe nyuma yangu gari dogo lilikuwa limechoka kufuata roli, likatoka kulipita, na anayepita anahamia upande uleule niliokuwa mimi. Nilisikia upepo tu. Mfuko wa nyanya ukaniponyoka, nikaokota nusu yake kwa kupapasa gizani.

Tangu siku hiyo sikuacha kutembea kulia, ila nilianza kutazama kitu kingine ambacho sikuwahi kufundishwa.

Kwanza hiyo kulia yenyewe. Tanzania na Kenya magari hushika kushoto, kwa hiyo ukitembea kulia gari lililo karibu nawe linakuja usoni, unaliona na unapata muda wa kupisha. Kuna faida nyingine ambayo wengi hatuijui: taa za gari zikiwa zimedimu hazimuliki pande zote sawa. Zimetegwa zifike mbali zaidi kwenye ukingo wa kushoto wa dereva na ziinamie upande wa kulia, zisimchome macho anayekuja. Ukimkabili, uko kwenye ukingo huohuo anaoumulika vizuri. Ukivuka Kabanga kuingia Burundi mambo yanageuka, magari yanashika kulia, na wewe hamia kushoto. Kinachotafutwa ni kuyatazama usoni.

Kuna mahali ninapoiacha kulia kwa makusudi, napo ni kona inayokunja kulia. Hapo unakuwa tumboni mwa kona, majani yamekuficha, na dereva anayekuja anaibana kona kuelekea kwako. Mimi huvuka hatua kama 50 kabla ya kona, mahali ninapoona mbele na nyuma, nikatembea kushoto huku nikigeuka mara kwa mara, kisha nikarudi kulia barabara ikinyooka. Ukivuka ukiwa umeshafika kwenye kona umechelewa.

Sasa kivuli. Gari linalotoka nyuma yako likiwa kwenye njia yake, yaani kushoto kwako, taa zake hukupiga kwa upande, na kivuli chako huanguka mbele kuelekea kulia, kwenye majani. Kadiri linavyosogea, kivuli kinazidi kuingia majanini. Hiyo ni kawaida, endelea na safari. Lakini kivuli kikiacha majani, kikarudi na kunyooka mbele yako sawasawa, ujue taa zimehamia nyuma ya mgongo wako: mtu anapita mwenzake, na anapitia kwako. Usigeuke kutazama. Toka kwenye lami papo hapo, ingia majanini hatua mbili, ndipo utazame.

Alama ya pili ni kivuli mbele yako huku taa nyingine zinakupiga usoni. Magari mawili yanakaribia kupishana pale ulipo. Dereva anayekukabili amechomwa macho na gari la nyuma yako, na hata kama wote wamedimu, kwake wewe umeshapotea katikati ya mwanga. Mtu hudhani akiwa kwenye taa nyingi ndipo anaonekana zaidi. Ni kinyume kabisa. Hapo mimi husimama nje ya lami mpaka yote mawili yapite, kisha nahesabu polepole hadi tano, kwa sababu na macho yangu yanakuwa bado hayajarudi.

Kivuli kinasaidia hata kabla giza halijaingia. Kwetu jua likizama, ndani ya dakika 20 hivi giza limeshakamata. Ile nusu saa ya kabla ya kuzama ndiyo inayodanganya, maana wewe unaona kila kitu. Ukiona kivuli chako kirefu kimetangulia mbele, jua liko mgongoni kwako, na kila dereva anayekukabili analo machoni. Anaendesha amekunja uso, kioo kimejaa vumbi, haoni mtu. Muda huo tembea kwenye majani kabisa, hata kama viatu vitachafuka.

Upande wa kuonekana, nilipata somo kwa jirani yangu, dereva wa roli mstaafu. Jioni moja aliniambia, "Mwalimu, mimi naona miguu kabla sijamwona mtu." Nikamwomba anionyeshe. Alikaa kwenye pikapu yake, taa amezidimu, kwenye barabara yetu ya changarawe, nami nikawa namjia kutoka mbali, naye apige honi akiniona. Nikiwa na suti ya bluu iliyoiva, honi ililia nikiwa nimebakiza hatua 40. Kwa shati jeupe, hatua 70. Halafu nikafunga utepe wa kuakisi juu ya vifundo vya miguu: honi ililia nikiwa bado kwenye kona ya mbali, zaidi ya hatua 200.

Linganisha na mwendo. Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Dereva anahitaji kama sekunde moja na nusu mguu ufike kwenye breki, tayari mita 33 zimekwisha, na kusimama kabisa kunataka nyingine zaidi ya 30 kwenye lami kavu. Hatua zangu 40 ni kama mita 30. Yaani nikiwa na ile suti, ananifikia akiwa bado hajagusa breki.

Taa zikidimu mwanga wake uko chini, ndiyo maana magotini na chini yake panawaka kwanza. Tena miguu inatembea: vidoa viwili vinavyopishana juu chini dereva anajua mara moja kuwa ni mtu, wakati kizibao kilichotulia anaweza kukidhania kibao cha barabarani. Rangi za kung'aa, za njano na chungwa, ni za mchana na magharibi tu. Usiku zisipokuwa na utepe wa kuakisi ni nguo kama nguo nyingine.

Utepe nilinunua duka la vipuri, ule wa fedha unaobandikwa mabodi ya maroli. Gundi yake haikai kwenye kitambaa, kwa hiyo fundi cherehani alinishonea juu ya lastiki pana, pete mbili za kuvaa juu ya suruali. Ukitaka kuujaribu kabla ya kulipa, usiushike mkononi ukautazama. Mwambie mwenzako aushike asimame mbali gizani, wewe weka tochi ya simu kando ya jicho lako kabisa na umulike. Utepe mzuri unawaka kama jicho la paka. Tochi ukiishusha kiunoni unafifia, kwa sababu unarudisha mwanga kule ulikotoka. Vumbi linauua, basi mimi nauosha kwa sabuni kila Jumamosi.

Tochi ya simu nayo naishika imetazama chini mbele ya miguu, mkono ukicheza. Ukimmulika dereva usoni unamharibia macho yaleyale unayotaka yakuone. Na masikio yako wazi, spika za masikioni zimo mfukoni, kwa sababu bodaboda wa kwetu hupenda kupita pembeni mwa lami bila taa, tena upande usio wake, na huyo hana mwanga wa kukutupia kivuli.