Programu ya korosho, mwajiriwa mmoja na saa za usiku

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mhasibu msaidizi wa halmashauri hapa Mtwara. Usiku natengeneza programu ya simu ya kupokelea korosho za wakulima kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha kijijini kwetu. Kuingia na kusajili mkulima nilipanga saa 15, ikanila saa 24 ndani ya wiki nne. Kazi zilizobaki nimezikadiria saa 70. Nikikaa saa 2 kila usiku, siku tano, si namaliza ndani ya wiki saba? Tarehe zangu mbili za kumaliza zimeshapita, na leo ni katikati ya Mei.

Jibu: Marahaba. Namba unazozihitaji umeshaziandika mwenyewe, ila hujazitumia. Saa 24 kwa wiki nne ni saa 6 kwa wiki. Hizo ndizo saa zako. Zile 10 za saa 2 kwa siku tano ni za mtu asiyekatikiwa umeme, asiye na msiba wa jirani, na anayerudi kazini saa 9:30 alasiri akiwa na nguvu zake zote. Tena kila ulichokipangia saa moja kilikuchukua saa moja na dakika 36, yaani mara 1.6. Usijiambie kwamba sasa umezoea na utakwenda kasi. Saa zako 70 zihesabu kuwa 112.

Sasa geukia kalenda. Minada ya korosho kwa kawaida hufunguliwa Oktoba, kwa hiyo una kama wiki 19 hadi mwisho wa Septemba. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30, na wewe ni mtu wa hesabu: kuanzia katikati ya Juni hadi karibu na Saba Saba andika sifuri, wiki tatu nzima. Wiki tatu za mwisho wa Septemba nazo usizipangie kitu kipya. Hizo ni za karani kuitumia na wewe kurekebisha. Zinabaki wiki 13, sawa na saa 78.

Una 78 na kazi inataka 112. Hapo wengi hujiongezea Jumapili, na mwezi wa pili wanaiacha programu kabisa. Punguza kazi. Swali la kuchujia ni moja: siku mkulima anafika ghalani na magunia yake, bila kitu hiki karani atashindwa kumpokea? Ujumbe mfupi kwa mkulima, grafu za msimu na uwezo wa kuhudumia AMCOS nyingi vyote vinasubiri mwakani. Tuseme vitatu hivyo kwenye orodha yako ni saa 22. Zinabaki 48, mara 1.6 ni kama 77. Inatosha, japo imebana.

Vituo vyako viwe vitu ambavyo mtu mwingine anaweza kuvijaribu kwa mkono wake. "Hifadhidata imefika asilimia 80" haimwambii mtu chochote. Kituo cha kwanza, katikati ya Juni: karani anachagua mkulima, anaingiza uzito na daraja, stakabadhi inatokea kwenye simu. Cha pili, Nane Nane: zima data, pokea wakulima kumi, zima simu na uiwashe, kumbukumbu zote zipo. Hiki ndicho kigumu, ndiyo maana nimekipa wiki tano. Cha tatu, wiki ya kwanza ya Septemba: printa ya blututhi na jumla ya siku.

Amua leo utakachokitupa ukichelewa. Nane Nane ikikukuta kituo cha pili hakijapita, printa inaondoka. Karani atanakili namba ya stakabadhi kwenye kitabu kama alivyozoea. Uamuzi huo ukiuacha mpaka Septemba, utashindwa kuufanya, maana utakuwa umeshainunua printa.

Kuna upotevu mwingine ndani ya usiku wenyewe. Kila unapokaa kwa saa zako 2, dakika ishirini za kwanza zinaishia kutafuta uliishia wapi. Kata kazi ziwe ndogo kiasi cha kuisha usiku mmoja, na kabla ya kufunga kompyuta acha mstari kama huu palepale ulipoishia:

```
// KESHO: toa uzito wa gunia tupu kabla ya kujumlisha
```

"Malizia mizani" haitakusaidia kesho yake. Huo wa juu unakuambia uguse nini.

Mwisho, Google Play. Akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 inatakiwa kuwa na wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla hata ya kuomba kuitoa programu kwa umma, na ombi lenyewe hukaguliwa. Hizo siku hazili saa zako za usiku, lakini zinakula kalenda. Kwa AMCOS moja mwaka huu usijisumbue nayo: mpe karani faili la APK, umwekee mwenyewe kwenye simu yake.