Tarehe 07/06 kwenye faili la kahawa: ni Juni au Julai?

"Wakuu, nimetumiwa faili la Excel la mapokezi ya kahawa kutoka chama cha msingi Mbozi, msimu wa 2024. Tarehe zingine ni kama 07/06/2024, zingine 19/06/2024. Aliyetuma hakusema kama siku inatangulia au mwezi, na simu hapokei. Nafanyaje?"

Mkuu, anza kwa kuangalia tarehe zimekaa upande gani wa seli. Kama hakuna aliyegusa mpangilio, Excel huweka namba kulia na maneno kushoto. Ukikuta 07/06/2024 iko kulia na 19/06/2024 iko kushoto, basi faili lako lina ule ugonjwa ninaokutana nao mara kwa mara hapa Mbeya kwenye mafaili ya vyama vya mazao.

Huwa inakuwa hivi. Orodha inatolewa kwenye mfumo ikiwa CSV, siku mbele kama tunavyoandika wote. Mtu anaifungua kwa kubofya mara mbili kwenye kompyuta ambayo Region yake bado ni English (United States), na mashine hiyo husoma mwezi kwanza. Ikifika 07/06 inaona Julai 6, tarehe halali, inaigeuza kuwa namba bila kuuliza. Ikifika 19/06 inatafuta mwezi wa 19, haupati, inaiacha kama maneno. Akihifadhi, kosa limeshaingia ndani. Kwa hiyo zile za kushoto zinazoonekana mbovu ndizo zilizo salama. Zinazopendeza machoni ndizo zilizogeuzwa.

Usiamini sura ya tarehe za kulia, maana zikiwa na muundo wa kawaida wa tarehe hubadilika kufuata kompyuta inayofungua. Kilichomo ndani ni namba: 45450 ni 7 Juni 2024, na 45479 ni 6 Julai 2024. Ipe safu hiyo muundo wa `dd mmmm yyyy` uone Excel yenyewe inaamini nini.

Hapo ndipo faili litajisema lenyewe, hata karani asipopokea simu. Kahawa ya Mbozi huvunwa kiangazi. Tuseme chama chako kilipokea kuanzia Juni hadi Septemba. Kama tarehe zimegeuzwa, mwezi umehamia kwenye nafasi ya siku, hivyo utaona siku za 6, 7, 8 na 9 tu, huku miezi ikitapakaa Januari hadi Desemba. Kahawa iliyopokelewa tarehe 6 Januari, 6 Februari, 6 Machi? Hakuna mkulima wa Vwawa aliyeleta mzigo namna hiyo. Hizo ni 1, 2 na 3 Juni. Lakini kama tarehe zote ni namba, siku zinafika hadi 30 na miezi haitoki nje ya msimu, faili ni zima, liache.

Ukishathibitisha, usiguse safu ya awali. Fungua safu mpya pembeni, andika:

```
=IF(ISNUMBER(A2),DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))
```

Sehemu ya kwanza inarudisha siku na mwezi mahali pake, ya pili inasoma zile zilizobaki maneno. Ikitoa `#VALUE!`, mara nyingi mwezi umeandikwa kwa tarakimu moja, kama 19/6/2024, au kuna nafasi tupu mwanzoni; ikiwa mwishoni, utaona mwaka 1924.

Sasa panga kwa namba ya risiti, si kwa tarehe. Tarehe mpya zisirudi nyuma. Mstari mmoja ukiruka ghafla mwezi mzima kisha unaofuata ukarudi, huenda mtu aliuandika kwa mkono baadaye, na fomula imegeuza kilichokuwa sahihi. Hatari zaidi ni siku za 6 hadi 9, kwa sababu zikigeuka bado zinabaki ndani ya msimu, hivyo msimu haukusaidii. Hapo siku ya wiki husaidia kidogo: 9 Juni 2024 ilikuwa Jumapili, 6 Septemba Ijumaa. Kama mizani yao hufungwa Jumapili, umeshapata jibu la mstari huo.

Karani akipatikana, usimuulize "siku iko mbele?" Atatazama skrini yake na kujibu ndiyo, na skrini yake si ushahidi. Mtajie namba za risiti mbili tatu zenye utata, afungue kitabu cha karatasi, akuandikie mwezi kwa maneno. Mistari ambayo hata kitabu hakiioneshi, iache tupu kwenye safu mpya na uitie rangi, na anayeandaa malipo umwambie ni risiti zipi.