Usiguse almasi ulizonunua!

"Gemu ninayocheza wametangaza seva zinazimwa mwezi ujao. Nina almasi kibao, nyingine nilinunua, na niko leveli 84. Nizimalize zote kabla haijafungwa? Na leveli yangu naweza kuihamisha?"

Acha! Usiguse hata moja kabla hujasoma tangazo lao mpaka mstari wa mwisho.

Mimi nilikuwa na almasi 4,200 gemu yangu ilipotangaza kufungwa. Kwenye kundi letu kulikuwa na jamaa aliyejifanya mjuzi, akasisitiza kwamba seva ikizimwa kila kitu kinapotea, kwa hiyo tuzitumie zote. Nikamwamini. Nikavuta wahusika mara 14, kila mvuto almasi 300, nikabaki na sifuri. Nilimpata yule mhusika niliyemtamani mwaka mzima, nikakaa naye wiki tatu.

Kumbe kwenye akaunti yangu almasi 3,100 zilikuwa za kulipia, 1,100 za bure. Gemu ile ilitoka Japani, na sheria ya huko inaitaka kampuni inayofunga huduma irudishe pesa ya salio la kulipia ambalo halijatumika, na itoe angalau siku 60 za kuomba. Seva zilipozimwa, fomu ikaja. Nikaingiza namba yangu ya mchezaji, ikaniandikia: salio la kulipia, 0. Almasi zikishageuka mhusika au nguo, hakuna cha kurudishwa. Hadi leo nina hasira na yule mtu, maana alisema kwa uhakika jambo ambalo hakulisoma, na tuliomfuata tulikuwa wengi.

Kwa hiyo fungua sehemu ya salio dukani. Gemu nyingi za aina hii hutenganisha mistari miwili, `Paid` na `Free`. Piga picha ya skrini ya mistari hiyo pamoja na namba yako ya mchezaji, tunza risiti za barua pepe, na usifute gemu hata seva zikishazimwa. Kama unacheza kwa akaunti ya mgeni, iunganishe na barua pepe leo, la sivyo hutaweza kuthibitisha kuwa salio ni lako.

Si kila kampuni hurudisha, na nyingine hurudisha kwa wakazi wa nchi fulani tu. Ndiyo maana nasema soma tangazo kwanza. Likisema wazi kwamba hakuna marejesho, hapo zitumie upendavyo. Ila kama umenunua juzi hivi kwenye Google Play, omba marejesho Google kwenyewe ndani ya saa 48. Zikipita, watakuelekeza kwa mtengenezaji, na huyo ndiye anayefunga duka.

Tuwekee hapa tangazo lao lilivyoandikwa, hasa kipengele cha salio, tulisome pamoja kabla hujavuta chochote.